Taa imezimika, waya bado una umeme

*Swali: Mimi ni mwanagenzi wa umeme hapa Arusha. Fundi wangu ananilazimisha kuzima umeme wa nyumba nzima hata ninapobadilisha holda moja ya taa. Nikizima swichi ya ukutani na taa ikazimika, si inatosha?*

Haitoshi. Tulikuwa tunakarabati nyumba ya zamani huko Majengo, Moshi, mimi na kijana niliyekuwa ninamfundisha kazi. Alizima swichi ya chumba, akaona taa imezimika, akapanda ngazi, akafungua holda na kushika waya. Umeme ukampiga akaanguka. Ilikuwa bahati tu kwamba ngazi ni fupi na chini kulikuwa na godoro la mwenye nyumba.

Alipotulia, nilirudisha taa kwenye holda, swichi ikiwa bado imezimwa, nikapima kwa mita kati ya pini mbili za holda. Mita ilisoma sifuri. "Mzee, mbona hamna umeme?" akauliza. Nikaacha ncha moja kwenye pini, ya pili nikaigusisha kwenye waya wa arthi: volti 230 hivi. Pini ya pili ikasoma vilevile.

Aliyefunga waya zile alikuwa ameipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Swichi ya namna hiyo huzima taa sawasawa, kwa kuwa inakata njia ya umeme kurudi, lakini laivu hubaki imefika kwenye holda, na taa ikiwemo, umeme hupita ndani yake hadi kwenye pini ya pili. Ndiyo maana kupima kati ya pini mbili pekee kunadanganya: zote zina umeme uleule, kwa hiyo mita haioni tofauti.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa, jaribu mita yako kwenye soketi yenye umeme ujue inafanya kazi, kisha zima meinswichi, ambayo hukata laivu na nyutro kwa pamoja. Ifunge kwa kufuli na uweke ufunguo mfukoni mwako, kwa maana mtu aliyeona friji imezimika hatauliza kabla ya kuiwasha. (LUKU kuishiwa uniti si kuzima umeme, mwenye nyumba akiingiza tokeni ukiwa juu ya ngazi, umeme unarudi.) Kama kuna jenereta au sola, nayo izimwe.

Halafu pima kwenye holda mara tatu: laivu na nyutro, laivu na arthi, nyutro na arthi. Zote zikisoma sifuri, rudi ukaijaribu mita tena kwenye umeme unaojulikana, kwa mfano soketi ya jirani, kwa sababu mita iliyokufa katikati ya kazi nayo husoma sifuri.

Kijana yule ndiye aliyehamisha laivu kwenye swichi siku ile, ufunguo wa kufuli ukiwa mfukoni mwake. Tulipomaliza, aliniomba nikae chini ya ngazi wakati anaupima mara ya mwisho.