Duka la watu wawili: ubia au kampuni?

Wengi wanaopita dukani kwangu hapa Ngamiani kuniuliza habari za BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara na kampuni, huanza na ada. Mimi huanza na swali hili: mko wangapi, na mkichukua mali kwa mkopo, deni litamfuata nani?

Aliye peke yake hana kazi kubwa. Kwa namba ya NIDA anasajili jina la biashara mtandaoni, anajaza anwani na aina ya biashara. Ila ajue kwamba jina hilo si mtu mbele ya sheria. Deni la duka ni deni lake yeye, hata likifika kwenye kiwanja chake.

Ugumu uko kwa wawili. Vijana wawili wa Makorora walinijia wakitaka kufungua duka la nafaka. Mmoja ana shilingi milioni 6, mwenzake ana milioni 2 naye ndiye atakayeshinda dukani. Wakisajili ubia, njia ni ile ile ya jina la biashara, wanaandikwa wote wawili kuwa wamiliki. Cheti hakitasema nani katoa kiasi gani. Na wasipoandikiana mkataba, sheria inagawa faida na hasara nusu kwa nusu. Faida ikiwa milioni 4, kila mmoja ana milioni 2, na anayeshinda dukani hana haki ya kudai mshahara. Mwenye duka la jumla akiwadai milioni 3, anaweza kumbana mmoja wao alipe zote, kisha huyo ahangaike na mwenzake.

Kampuni ingewapa hisa. Hisa za shilingi 1,000 zingekuwa 6,000 kwa 2,000, na wakishazilipia zote, deni la kampuni halivuki kwenda kwenye mali zao. Lakini lazima iwe na katiba yake, wakurugenzi wawili, TIN yake, taarifa ya kila mwaka BRELA, na kodi ya asilimia 30 ya faida. Fedha ya droo ni ya kampuni, huichoti kwenda sokoni. Tena, benki ikikopesha kampuni changa huwataka wakurugenzi waweke dhamana binafsi, na kwa mkopo huo kinga imekwisha.

Kwa duka la ukubwa ule niliwashauri ubia, lakini mkataba uandikwe kabla ya kununua gunia la kwanza. Waliandika mtaji wa kila mmoja, mgao wa faida, posho ya muuzaji, na namna ya kuhesabu fungu la anayejitoa au anayefariki. Wakaongeza kwamba mkopo wowote unaozidi laki 5 utiwe saini na wote wawili. Hapo niliwasisitiza wakawaeleze mapema wenye maduka ya jumla, kwa sababu asiyejua sharti hilo halimfungi, naye atawadai wote kama kawaida.