Ukiomba Nyongeza Halafu Wakakununia: Kwa Mabinti Mnaoanza Kazi

Wadogo zangu mnaoingia kazini mwaka huu, hasa nyinyi wa hizi ofisi za kliaringi na fowadi hapa Mombasa, kuna jambo nataka niwaambie manake mimi hakuna alonambia mapema.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika entri za forodha. Nlipomaliza probesheni nikaingia kwa bosi nikamwambia mshahara naona mdogo, nataka uongezwe. Akaongeza elfu nne. Wiki hiyohiyo mwenzangu mwanamume, tuliajiriwa siku moja, naye akaingia akaomba vilevile akaongezwa. Mimi nikajua yamekwisha, kumbe ndo yanaanza. Mafaili ya wateja wakubwa yakawa yanapita meza yangu yanaenda kwake, mkutano na watu wa meli nasikia ushafanyika jana, na siku moja nikasikia bosi akinisifu kwa mgeni: "Huyu kazi anaiweza ila ni mkali kidogo, anapenda pesa." Yule mwenzangu hakuitwa mkali, na maneno tuliyoomba nayo yalikuwa yaleyale kabisa.

Miaka mingi nikajua ni kosa langu, labda sauti yangu, labda niliingia siku mbaya. Mpaka nilipokuja kusoma utafiti wa Hannah Riley Bowles, Linda Babcock na Lei Lai, ule wa 2007, nikakuta kisa changu kimekaa pale kama kimeandikwa na mtu wa ofisini kwetu. Walichofanya ni hivi. Watu walipewa habari za mtu anayetaka kazi, sifa zilezile, kinachobadilika ni kama ni mwanamke au mwanamume, na kama mshahara alioambiwa aliupokea vilevile au aliomba zaidi. Halafu wakaulizwa, huyu ungependa kufanya naye kazi? Mwanamke aliyeomba alipoteza kuliko mwanamume aliyeomba, na sababu waliyoiona ni kuwa alihesabiwa si mpole tena, eti anadai sana. Walipotumia video badala ya karatasi, wanaume waliokuwa wanahukumu walimwadhibu mwanamke aliyeomba lakini mwanamume mwenzao hawakumjali, na wanawake waliokuwa wanahukumu wao walimnunia yeyote aliyeomba, mke au mume. Kwa hivyo usijiambie bosi wangu ni mama basi mimi niko salama.

Kwenye jaribio lao la mwisho waliwauliza watu wenyewe, wewe ungeomba? Wanawake walisita zaidi kama anayewasikiliza ni mwanamume, na kilichokuwa nyuma ya kusita ni wasiwasi. Yaani binti anayenyamaza si kwamba hajui thamani yake, ameshanusa gharama. Ndo maana mtu akiniambia "nyinyi wanawake hamuombi tu, ombeni!" naumia moyo, manake hata hilo la kutoomba si kweli kila mahali. Benjamin Artz, Amanda Goodall na Andrew Oswald waliangalia wafanyakazi wa Australia, matokeo yakatoka 2018, wakakuta ukilinganisha walio kwenye hali moja wanawake wanaomba sawa na wanaume, ila wanapata mara chache zaidi.

Sasa tufanyeje. Hapa ndo nataka mkae na mimi kidogo, manake Bowles na Babcock walirudi 2013 na swali hilohilo, je kuna namna ya kuomba ambayo pesa inakuja na watu hawakununii? Kwanza wakajaribu njia moja moja. Kusema una ofa kwingine kunaweza kumfanya bosi atoe, lakini hakumfanyi akupende. Kuonyesha unajali uhusiano wenu kunalainisha uso wa bosi lakini mfuko hausogei. Kila dawa inatibu upande mmoja. Wakaja wakagundua kinachofanya kazi pande zote mbili ni maelezo ambayo kwa wakati mmoja yanampa bosi sababu halali ya ombi, na yanamwonyesha kwamba unaifikiria kampuni na sio wewe peke yako. Walijaribu maelezo ya aina mbili. La kwanza, msimamizi wangu ndiye aliyenishauri nije tuzungumze habari ya mshahara. La pili, natumai utaona huu uwezo wangu wa kujadiliana ni kitu muhimu ninachokileta kazini. Wanawake waliotumia maneno hayo walionekana wanastahili kupewa na pia watu walitaka kufanya nao kazi. Kwa wanaume maneno hayo hayakubadilisha chochote, wao hawakuwa na deni la kulipa toka mwanzo.

Nikuonyesheni mambo haya yanavyokuwa yakishuka ofisini. Mwaka jana binti mmoja ofisini kwetu probesheni yake ilikuwa inaisha, miezi sita, na kwa sheria ya kazi ya Kenya probesheni haitakiwi kupita hiyo sita bila wewe kukubali iongezwe. Analipwa 38,000. Akaja na maneno yake kayaandika nyuma ya dilivari oda ya zamani, kwa peni nyekundu: "Nimepata ofa ya 48,000 kampuni nyengine, mkinipa hiyo nitabaki." Nikamuuliza ofa unayo kweli? Akasema kuna rafiki yake alimwambia huko wanatafuta mtu. Hiyo si ofa, nikamwambia, na bosi akikwambia nenda utaenda wapi?

Tukaanza upya. Kwanza namba. Bowles, Babcock na Kathleen McGinn 2005 walionyesha kwamba pengo la wanaume na wanawake linakuwa kubwa pale ambapo haijulikani kazi hii inalipwa kiasi gani, na pale ambapo kiwango kiko wazi pengo linapungua sana. Kwa hivyo akatumia wiki nzima kuuliza. Nikamwambia usiulize wanawake wenzako peke yao, ukiuliza waliopunjwa utapata namba ya waliopunjwa, uliza na wanaume wanaofanya kazi kama yako. Akarudi na majibu matano, wa chini 37 wa juu 50, wengi wao 44 mpaka 46. Sasa anajua 38 iko karibu na ya chini kabisa, na 48 ingemfanya aonekane amejitungia.

Pili sababu. Msimamizi wake wa entri alikuwa mara mbili amemwambia "wewe ukithibitishwa kazini zungumza nao hao." Nikamwambia rudi kwake umuulize kama unaweza kumtaja. Hapa msifanye mchezo, usimsingizie mtu, hizi ofisi ni ndogo na bosi atamuuliza jioni hiyohiyo wakishuka ngazi. Msimamizi akakubali, tena akaongeza la maana, kwamba toka binti ashike faili za chai hawajarudishiwa entri hata moja kurekebishwa. Hapo akapata kitu ambacho ni faida ya kampuni, manake entri ikirudi kontena linakaa bandarini na siku za bure zikiisha storeji inaanza kuhesabu, na mteja anampigia simu bosi sio sisi.

Maneno yakawa hivi, tuliyafanyia mazoezi kwenye ngazi mpaka yakatoka kama mazungumzo: "Bosi, shikamoo. Nashukuru kwa kunithibitisha. Msimamizi wangu alinishauri nizungumze na wewe kuhusu mshahara, sote wawili hatukuwa na hakika kama 38 ndo mwisho wa daraja hili. Nilivyoelewa, kazi hii hapa mjini inalipwa mpaka 46. Naomba tufike hapo, manake nataka nizidi kuzishika hizi faili za chai zisirudi, na nikikaa mbele ya wateja niwapiganie nyinyi kama ninavyozungumza sasa." Sentensi ya mwisho ni yake mwenyewe, mimi nlimpa wazo tu. Akamaliza akanyamaza. Kunyamaza ndo kulikuwa kugumu kuliko vyote, kwenye mazoezi kila akifika hapo alikuwa anaongeza "lakini kama haiwezekani si neno", na hilo neno moja linarudisha kila kitu chini.

Akapata 43. Lakini mimi nlichokuwa nasubiri si hiyo barua, nlikuwa nasubiri wiki mbili zinazofuata, manake kununiwa hakuonekani siku unayoomba. Angalia kama salamu zimefupika. Angalia mafaili mazuri yanapita njia gani, nani anaitwa kwenye simu za wateja, na kama kuna neno jipya limeanza kukufuata, mkali, mjuaji, anajiona. Ukiviona, andika tarehe na kilichotokea, usitegemee kumbukumbu. Yeye wiki ya pili akapelekwa kwenda kukaa na mteja wa chai, akamrudishia bosi majibu mwenyewe. Mimi kwa bosi wangu wa kwanza hiyo nafasi sikuipata, na ninavyojua sasa mimi na yeye tulitofautiana maneno tu, kazi ilikuwa moja.

Niseme na upande wa pili, manake sitaki mtu achukue haya kama dua ya kusoma. Majaribio yale ni ya Wamarekani, mengi ni watu wanaangalia video au wanasoma karatasi, hakuna aliyefuatwa miaka mitano kuona mshahara wake umefika wapi. Bosi wa Mombasa ana mambo yake, pengine ni mjomba wa mtu, pengine ofisi nzima ni ukoo mmoja. Na kinachoniuma ni kwamba dawa hii anameza aliyeonewa. Binti ndo aongeze maneno, alainishe, amtulize mtu mzima asikasirike, wakati kifungu cha 5 cha sheria ya kazi ya 2007 kinasema kazi ya thamani sawa ilipwe sawa. Mwenye kampuni angeweza kuliondoa tatizo hili kwa mstari mmoja wa tangazo. Andreas Leibbrandt na John List walitangaza kazi kwa watu karibu 2,500, utafiti ukatoka 2015. Tangazo lililonyamaza kuhusu mshahara, wanaume ndo waliojadili mshahara zaidi. Tangazo lililosema wazi kuwa mshahara unajadiliwa, lile pengo likaisha.

Kwa hivyo nyinyi ambao bado mnatafuta, ukiona tangazo limeandika mshahara utajadiliwa, mlango huo wameufungua wenyewe, ingia. Kama halijaandika, kabla hujataja namba uliza kwa upole, "mshahara huu una nafasi ya kuzungumziwa?" Akijibu ndiyo, unaloomba baadaye yeye ndo amelikaribisha. Na ukiambiwa sasa hivi haiwezekani usitoke na mikono mitupu, omba tarehe. Yule binti kwa zile elfu tatu zilizobaki aliuliza lini wataziangalia tena, bosi akasema mwezi wa saba, naye akamwandikia imeili jioni hiyo mistari miwili, kumshukuru kwa 43 na kumkumbusha mwezi wa saba. Bosi akajibu kwa neno moja, sawa, na hiyo imeili ameihifadhi.