Usichore nyota kabla hujahesabu vekta eigeni

"Wakuu, matriksi yangu A = [[-1, 1], [-1, -3]] imetoa thamani eigeni -2 mara mbili. Hiyo ni nodi nyota, sivyo? Nimeshachora mishale iliyonyooka kuelekea kitovu, nakabidhi Jumatatu. Hesabu zangu nafanya kwa Python."

Ndugu yangu, usikabidhi mchoro huo. Hiyo si nyota, na kosa unalotaka kulifanya mimi lilinigharimu mradi wangu wa mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam.

Nilikuwa nachunguza springi na kizuia mtikisiko cha bajaji, nikiandika x kwa umbali kutoka mahali pa utulivu na v kwa kasi. Milinganyo ilikuwa x' = v na v' = -4x - 4v, yaani matriksi [[0, 1], [-4, -4]]. Thamani eigeni ilikuwa -2, mara mbili. Nilikuwa na noti za kudurufu nilizonunua stesheneri, zenye sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi nzito: thamani eigeni zikilingana, chora nyota. Aliyeziandika alikuwa akifundisha masomo ya ziada kwa malipo, na hadi leo namlaumu, kwa sababu aliacha nusu ya kanuni ambayo ingemchukua mstari mmoja tu kuiandika. Nilichora mishale iliyonyooka pande zote, nikajenga juu yake sura nzima ya majadiliano.

Siku ya utetezi, mtahini aliweka kidole kwenye nukta (1, 0), pale springi imevutwa na kuachiwa bila kusukumwa, akafuata mshale wangu kwenye mhimili wa x hadi kitovuni. Kisha akauliza: "Katika njia hii yote v ni sifuri. Kitu kisicho na kasi kimerudije nyumbani?" Sikuwa na jibu. Mchoro wangu ulikuwa unapingana na mlinganyo wake wa kwanza, x' = v, nami nilikuwa nimeutazama kwa miezi bila kuliona hilo. Sura ile niliiandika upya yote.

Njia ya kweli kutoka (1, 0) ni x = (1 + 2t)e^(-2t) na v = -4te^(-2t). Mwanzoni inashuka wima, kwa kuwa kasi inaanza kujengeka kabla umbali haujapungua. Kufikia t = 0.5, x ni takriban 0.74 na v ni takriban -0.74, na hapo ndipo springi inarudi kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote. Baada ya hapo njia inapinda kuelekea kitovu huku ikizidi kujilaza kwenye mstari v = -2x: uwiano wa v kwa x ni -1.33 wakati t = 1, na -1.6 wakati t = 2. Mstari huo ndio mwelekeo pekee wa vekta eigeni, na njia nyingine zote huingia kitovuni zikiugusa. Hiyo ndiyo nodi pungufu: thamani eigeni imejirudia, lakini vekta ya pili imekosekana.

Kwa hiyo hesabu vekta, usihesabu thamani. Ondoa thamani eigeni kwenye ulalo mkuu kisha utazame kilichobaki. Kwako, A + 2I = [[1, 1], [-1, -1]]. Kwa kuwa si sifuri tupu, kinachobaki ni sharti moja, x + y = 0, na mwelekeo mmoja, (1, -1). Nyota inahitaji vekta mbili zisizo kwenye mstari mmoja. Zikiwapo, kila vekta ya bapa ni mchanganyiko wa hizo mbili na huzidishwa kwa -2 ileile, kwa hiyo matriksi haina budi kuwa -2I yenyewe. Katika matriksi ya 2 kwa 2 yenye thamani iliyojirudia, namba yoyote isiyo sifuri nje ya ulalo inaifuta nyota papo hapo. Springi yangu ilikuwa na 1 pale juu inayotokana na x' = v, kwa hiyo haikuwa na uwezekano wa kuwa nyota hata ningebadilisha ugumu wake vipi.

Usidanganywe pia na `np.linalg.eig(A)`. Itakurudishia safu mbili za vekta hata pale ambapo ipo moja tu. Zisome vizuri: zote mbili zitakuwa takriban 0.7071 na -0.7071, pengine ishara zimegeuzwa, na huo ni mstari uleule umeandikwa mara mbili.

Futa mishale yako yote isipokuwa miwili iliyo juu ya y = -x. Kisha anzia (1, 0): A inakupa mwendo (-1, -1), si (-2, 0), na njia yako ni x = (1 + t)e^(-2t), y = -te^(-2t). Irudishe nyuma hadi t = -1 na utaona imekatiza mhimili wa y karibu na 7.39, ikitokea juu kushoto, upande wa pili kabisa wa ule inaoingilia kitovuni.