k ngapi ili usemi uwe chanya daima?

"Wakuu, niko Mbagala namsaidia mdogo wangu hesabu. Tafuta k ili kx² + 4x + (k − 3) iwe chanya kwa kila x. Nimepata k < −1 au k > 4, kitabu kinasema k > 4 tu. Nani kakosea?"

Kitabu kiko sawa, kaka. Hesabu yako ya b² − 4ac, yaani 16 − 4k(k − 3) < 0 ni safi, ila hiyo inakuambia tu kwamba grafu haigusi mstari wa x. Haisemi iko juu au chini. Jaribu k = −2: unapata −2x² + 4x − 5. Weka x = 0, jibu −5. Haigusi kweli, lakini yote imezama chini! Kwa hiyo ongeza sharti k > 0 ili grafu ifunguke kwenda juu, na kipande cha k < −1 kinaanguka.

Aliyesema hapo juu "tafuta x kwanza", hapana, x hatuitafuti hapa.

Na dada wa Tegeta uliyeuliza swali kama hili, lako lina "≥ 0" badala ya "> 0", kwa hiyo angalia mpakani. k = 4 inatoa (2x + 1)², ambayo ni sifuri x ikiwa −1/2. Kwako ingeingia, hapa haiingii. Ila kama k yako iko penginepo, tuma swali zima tulione.