Swali la lugha: nukta c ni moja au mbili?

*Nafundisha hesabu na ninaandaa maelezo kwa Kiswahili. Katika kanuni ya wastani ya Cauchy, niandike "kila fanksheni ina nukta c" au "kuna nukta c kwa fanksheni zote mbili"? Mwenzangu anasema ni yale yale.*

Si yale yale, mwalimu. Andika sentensi ya pili, tena uiongezee neno moja: "kuna nukta c ile ile kwa fanksheni zote mbili."

Neno "kila" likitangulia, hugawa. Nikisema "kila mtoto ana mama", sijasema kwamba watoto hao ni ndugu. Vivyo hivyo, "kila fanksheni ina nukta c" yaruhusu f iwe na c yake na g iwe na yake. Hiyo ni kanuni ya wastani ya kawaida, isemayo kuwa mahali fulani katikati mteremko wa fanksheni ni sawa na mteremko wake wa wastani, iliyotumiwa mara mbili, nayo haifiki alipofika Cauchy.

Tuchukue f(x) = x² na g(x) = x³, kuanzia 0 hadi 1. Zote mbili zinapanda kutoka 0 hadi 1, kwa hiyo mteremko wa wastani wa kila moja ni 1. Mteremko wa f ni 2x, nao unakuwa 1 pale x = 1/2. Mteremko wa g ni 3x², nao unakuwa 1 karibu na x = 0.577. Nukta ni mbili, na hazikutani. Ukiandika f′(c)/g′(c) kwa kutegemea hizo, umeipa herufi moja thamani mbili ndani ya sehemu moja, c ya kiasi ikiwa tofauti na c ya asili.

Cauchy anadai jambo jingine. Ikiwa f na g hazikatiki kuanzia a hadi b, zina mteremko kila mahali katikati, na mteremko wa g haugusi sifuri humo, basi kuna c moja kati ya a na b ambapo

f′(c)/g′(c) = (f(b) − f(a)) / (g(b) − g(a)).

Ili kuipata, haziulizwi f na g mbalimbali. Zinaunganishwa kuwa fanksheni moja. Kwa mfano wetu fanksheni hiyo ni h(x) = x³ − x². Ni sifuri kwenye 0 na ni sifuri kwenye 1, kwa hiyo lazima igeuke mahali fulani katikati, na hapo mteremko wake ni sifuri: 3c² − 2c = 0, yaani c = 2/3. Hapo mteremko wa f ni 4/3, na wa g pia ni 4/3. Hakuna ulio sawa na wastani wake wa 1, ila uwiano wao ni 1, kama inavyotakiwa. Kwa kuwa h ni moja, c nayo ni moja.

Umoja huo ndio unaobeba kanuni ya l'Hôpital ya sifuri kwa sifuri. Ikiwa f(a) na g(a) zote ni sifuri, weka x mahali pa b, na sehemu inabaki f(x)/g(x) = f′(c)/g′(c), c ikiwa kati ya a na x. Sasa sogeza x kuelekea a. c imebanwa katikati, haina pa kwenda ila a. Basi ikiwa f′/g′ inaelekea L, f/g nayo inaelekea L. Chukua (1 − cos x)/x², pembe zikipimwa kwa radiani. Ukiweka x = 0.1 unapata takribani 0.49958, na thamani hiyo hiyo inatolewa na sin c/(2c) pale c ilipo karibu 0.0707, ndani ya 0 na 0.1. Kikomo ni 1/2.

Katika maelezo yako chunga pia neno "ikiwa" la kanuni hii ya l'Hôpital. Wanafunzi wengi hulisoma kama "ikiwa na ikiwa tu", nao hukosea. Tazama x² sin(1/x) juu ya x, x ikielekea 0. Sehemu yenyewe ni x sin(1/x), na inaelekea 0 bila shaka. Lakini uwiano wa miteremko ni 2x sin(1/x) − cos(1/x), unaoyumba kati ya 1 na −1 bila kutulia. Kanuni ya Cauchy haijavunjika: inazungumzia c fulani, na kwa kila x ipo c ambapo uwiano huo ni sawa kabisa na x sin(1/x). Nukta nyingine zilizo jirani zinaweza kuyumba zitakavyo. Kwa hiyo mwanafunzi akikuta f′/g′ haina kikomo, asiandike "kikomo hakipo". Aandike "kanuni ya l'Hôpital haisemi kitu hapa", kisha arudi kwenye sehemu ya awali atafute njia nyingine.