GPS inajuaje kama ufa umekwama au unatambaa?

"Wakuu, GPS ya simu yangu tu inakosea mita tano, sasa hao wanaosema ardhi inasogea milimita kadhaa kwa mwaka wanapimaje? Na wanajuaje ufa huu umekwama na ule unatambaa?"

Mkuu, simu sahau kabisa. Kituo cha kazi hii kinachimbiwa kwenye mwamba, kinapokea mawimbi usiku na mchana, unachukua wastani wa kila siku unapanga nukta zako miaka na miaka. Nukta moja moja inayumba, ila baada ya miaka mitano hivi unaona mstari kabisa, na mwinamo wa ule mstari ndo spidi yenyewe.

Mi nilifanya hii kitu nikisoma Kalifonia, kwenye ufa wa San Andreas, pale bamba la Pasifiki linapopishana na la Amerika Kaskazini. Hesabu yake kubwa ni milimita 35 hivi kwa mwaka. Sasa uhondo uko kwenye namna hizo 35 zinavyogawanyika ukivuka ufa.

Nenda Hollister, mji mdogo tu, tawi la ufa linaitwa Calaveras limepita katikati ya nyumba za watu. Ukingo wa zege wa barabara umekatika, kipande kimoja kimehama pembeni, na hakuna tetemeko lililofanya hivyo, ni kutambaa polepole tu. Ufa wa namna hii ukiweka kituo huku na kingine ng'ambo, hata kama viko karibu karibu, spidi inaruka ghafla.

Ila shuka kusini Carrizo, hapo hapajateleza tangu tetemeko la 1857. Vituo viwili vikiwa kilomita moja moja kila upande wa ufa vinapishana kama milimita moja na nusu tu kwa mwaka! Sogeza kilomita 15 kila upande, inafika 17 na kitu. Yaani juu pamebanana, kuanzia kina cha kilomita kama 15 kwenda chini mwamba unateleza, huku juu unapinda kama rula uliyoikunja. Zidisha 35 kwa miaka zaidi ya 160, ni zaidi ya mita tano na nusu za deni.

Rada ya setilaiti kama Sentinel-1 inajaza katikati ya vituo, kwenye ufa unaotambaa rangi ya picha inakatika palepale kwenye mstari. Shida yake inapima kwa mshazari kutoka juu, mwendo wa kaskazini-kusini karibu haiuoni, na mvuke wa hewani unaigiza ardhi imesogea, ndo maana unarundika picha nyingi, mvuke haurudi sehemu ileile.

Na kituo nacho kinadanganya bana. Kimoja nilikishangilia wiki nzima kumbe kiko kwenye udongo wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unanywea. Nilistuka nilipoona kila mwaka kinarudi kilikotoka na majirani zake wametulia tuli, nikakitoa kwenye hesabu.