Re: Jani la mahindi jichoni, tuendelee na majani?

"Mzee kapigwa na jani la mahindi jichoni, tunamkamulia dawa ya majani siku ya tatu, sasa kuna kidoa cheupe. Tuendelee?"

Mkuu, acheni leo hii. Hicho cheupe kwenye jeusi la jicho huenda ni kidonda, sio uchafu unatoka. Jani limekwaruza kioo cha jicho, sasa maji ya majani yanaingiza bakteria na fangasi palepale penye mkwaruzo. Mamdogo wangu yalimkuta, machozi yakitiririka tunasema dawa inafanya kazi, kumbe inaunguza, kidonda kikapona ila kovu likabaki katikati, anaona ukungu tu. Mpelekeni kwa daktari wa macho leo, wataweka rangi jichoni na kumulika taa ya bluu waone kidonda, mwambieni mlichoweka. Na msijinunulie matone ya deksamethasoni, wekundu unapungua huku fangasi wanazidi kula.